Itachi hakununua smokie

Picha yenyewe ilikuwa safi. Mtu amesimama kando ya mkokoteni wa smokie nje ya ukumbi wa tamasha la vibonzo Nairobi, joho jeusi lenye mawingu mekundu limemfika vifundoni, mkononi ana smokie iliyopasuliwa ikajazwa kachumbari. Aliyeiweka mtandaoni aliandika: "Itachi Uchiha akipata smokie." Itachi ni ninja wa kwenye Naruto, hadithi ya vibonzo ya Kijapani. Watu wakacheka, na walikuwa na haki ya kucheka. Kwa utani wa siku moja, maneno hayo yanatosha kabisa.

Shida huanza picha ileile inapoingia kwenye hifadhi. Mimi ndiye ninayepanga picha za kundi letu la mashabiki: nazipa maelezo, naziweka alama za kutafutia, nazihifadhi ili mtu akizihitaji baada ya miaka azipate. Katika kazi hiyo picha moja ya kosplei, yaani ya mtu aliyejivika kama mhusika wa hadithi, huwa ina watu wawili. Yupo mhusika, yaani yule wa kwenye manga au filamu, na yupo mvaaji, mwenye damu na nyama, mwenye wazazi na mwajiri. Wanagawana mwili mmoja kwenye fremu, lakini mambo yao hayachanganyiki. Mhusika hana simu, hawezi kudhalilika wala kulalamika. Mvaaji anaweza yote hayo. Kila neno unaloliandika chini ya picha linamwangukia mmoja wao, na mwandishi asipochagua ni yupi, mashine ya kutafutia na wasomaji watamchagulia.

Nianze na mhusika, kwa sababu hata huyo watu humkosea, na wengi humkosea kwa kusoma nguo peke yake. Joho lile jeusi si vazi la Itachi. Ni sare ya Akatsuki, genge la maninja waasi kwenye Naruto, na wanachama wake wote hulivaa: kola ndefu, kitambaa cheusi, mawingu mekundu yenye ukingo mweupe. Ukiliona joho tu umejua genge, hujajua mtu. Mtu anajulikana kuanzia shingoni kwenda juu. Deidara ana nywele za manjano na shungi linalofunika jicho moja. Konan ana nywele za samawati na ua la karatasi kichwani. Pain ana nywele za rangi ya chungwa na vipini vya chuma usoni. Kisame ana ngozi ya samawati, kwa hiyo anayemvaa huwa amepaka rangi uso mzima na jasho likimtoka unaiona inavyochirizika. Tobi amevaa barakoa ya chungwa yenye tundu moja tu la jicho.

Itachi anataka jicho la karibu zaidi. Nywele nyeusi ndefu zimefungwa nyuma kwa chini, macho mekundu kwa wale wanaothubutu kuvaa lenzi, na kitambaa cha paji la uso chenye alama ya Kijiji cha Majani iliyokatwa kwa mstari mmoja wa ubavu hadi ubavu. Mstari huo ni dalili kwamba mwenyewe amekiasi kijiji chake. Lakini waasi wengine wa genge hilo nao wamekata alama za vijiji vyao, hivyo itazame alama iliyo chini ya mkato. Dalili ninayoiamini kuliko zote ni ile mistari miwili ya usoni, mmoja kila upande wa pua, inayoshuka kutoka kwenye kona ya ndani ya jicho. Mdogo wake Sasuke, ambaye wageni humchanganya naye, hana. Wavaaji huichora kwa penseli ya nyusi, na kwenye picha iliyopigwa jua la mchana huweza kufifia hadi ikadhaniwa ni kivuli. Kuza picha kabla ya kuamua.

Kuna nyakati hutajua, na hapo andika unachokijua basi. Wanachama wa Akatsuki wana kofia pana za nyasi zenye vipande vinavyoning'inia mbele ya uso. Mvaaji akiinamisha kofia hiyo kwa ajili ya pozi, na hukumuuliza, maelezo ya kweli ni "vazi la mwanachama wa Akatsuki". Nimeona watu wakikisia jina la mhusika kwa urefu wa mtu au kwa jinsia yake: huyu ni mwanamke, basi ni Konan. Huko ni kuchukua kitu cha mvaaji na kumbandika mhusika, na kwenye kosplei hakuna njia fupi ya kupotea kama hiyo, kwa kuwa wanawake wanaovaa wahusika wa kiume ni wengi, na wanaume wanaovaa wahusika wa kike wapo pia.

Mtu wa smokie alikuwa mwanamke. Ninalijua hilo kwa sababu aliyempiga picha alimuuliza, si kwa sababu picha inalisema.

Basi tuigawe ile picha. Mistari ya usoni, wigi, kitambaa chenye mkato, joho, rangi ya kucha: hivyo ni vya Itachi. Urefu, umbo la mikono, ngozi, umri, jinsia, miwani iliyotundikwa kwenye kola, pete ya ndoa na smokie: hivyo ni vya mvaaji. Tukio la kununua smokie nalo ni la mvaaji, kwani Itachi hajawahi kufika Nairobi. Ukishagawa hivi, sentensi inajiandika yenyewe, maana kitenzi kinamfuata aliyetenda: "Mvaaji kosplei, akiwa katika vazi la Itachi Uchiha, akinunua smokie nje ya ukumbi." Haina mvuto wa utani wa kwanza, nakubali. Lakini msomaji ambaye hajawahi kusikia habari za Naruto ataielewa, na shabiki wa Naruto ataipata akitafuta Itachi.

Umri ndiyo sehemu ninayoikagua mara mbili. Itachi kwenye hadithi aliangamiza ukoo wake akiwa na miaka 13. Usagi, yule msichana wa Sailor Moon, hadithi inaanza akiwa na miaka 14. Wanaowavaa wanaweza kuwa na miaka 30 na watoto wawili nyumbani. Kuandika "msichana wa miaka 14" chini ya picha ya mama mzima kunachekesha. Upande wa pili hakuna cha kuchekesha: mtoto wa darasa la saba aliyevaa mhusika mtu mzima, tena mhusika ambaye mashabiki wamezoea kumzungumzia kwa maneno ya kimahaba. Maoni yatakayoandikwa chini ya picha hiyo, hata kama waandishi wake wanadai wanamsema mhusika, yatasomwa na mtoto. Kwa hiyo umri wa mhusika hauingii kabisa kwenye maelezo ya picha. Umri wa mvaaji unaingia pale tu unapohitajika, na kwa mtoto unahitajika mapema zaidi, kabla ya kupiga. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia data ya mtoto, na picha ya uso wenye jina ni data. Kumwona amevaa joho la muuaji hakumtoi utotoni.

Ngozi nayo ina kosa lake, na hili linatoka sana nje lakini na sisi tumelidaka. Mtu anaandika "Itachi mweusi" au "Sailor Moon wa Kiafrika". Nia ni sifa, najua. Ila tazama neno linamwangukia nani. Mvaaji hajabuni mhusika mpya mweusi. Amemvaa Sailor Moon yuleyule, mwenye sketi ya samawati, fundo jekundu kifuani na nywele za manjano zilizofungwa mafundo mawili kichwani. Weusi ni wake yeye, wala si marekebisho ya vazi. Marekani wavaaji weusi walichoka kusikia kwamba wao ni toleo la pembeni la kila mhusika, na tangu 2015 wanatumia alama ya #28DaysOfBlackCosplay kila Februari kuonyesha kazi zao. Sisi tulio Nairobi au Dar, ambako karibu kila aliyeko ukumbini ni mweusi, neno hilo halina hata kazi ya kutofautisha. Jambo ni tofauti pale mvaaji mwenyewe amebadili mhusika kwa makusudi, kwa mfano ameshona sketi ya Sailor Moon kwa kanga yenye jina lake. Hapo badiliko liko kwenye vazi, na linastahili kuandikwa: "vazi la Sailor Moon lililoshonwa kwa kanga".

Kundi lililolitatua suala hili la watu wawili kwa ustadi kuliko wote ninaowajua ni la mashabiki wa Star Wars, 501st Legion, lililoanzishwa Marekani mwaka 1997. Wao huvaa upande wa maadui: wale askari wa deraya nyeupe, Darth Vader, wawindaji wa vichwa. Kofia zao zinafunika uso mzima, kwa hiyo kumtambua mtu kwa sura hakupo kabisa. Kila mwanachama ana namba, na mbele ya namba kuna herufi mbili. Herufi zinasema aina ya vazi: TK ni askari wa deraya nyeupe, SL ni kina Darth Vader, BH ni mwindaji. Tarakimu ni za mwanachama. Akibadili vazi, herufi zinabadilika na tarakimu zinabaki. Upande wa kushoto mhusika, upande wa kulia mtu, na hakuna jina la nyumbani lililotajwa. Anayepanga picha hawezi kuomba zaidi ya hapo.

Sisi wengine tunabaki na kuuliza. Maswali ni mawili na mpangilio wake una maana. La kwanza ni "Umemvaa nani leo?" Hilo linafurahisha, kila mvaaji anapenda kuulizwa, na hata akikukuta humjui mhusika atakusimulia hadithi nzima hadi foleni ya picha ikune kichwa. La pili ndilo linalosahaulika: "Na wewe nikuandike jina gani?"

Usiulize "Unaitwa nani?" Swali hilo linadai jina la kitambulisho. Wavaaji wengi wana jina la kosplei, ambalo si la mhusika wala si la nyumbani, na wamelichagua makusudi ili shangazi au ofisi isiwapate. Japani desturi hii ina miaka mingi. Mvaaji anakuwa na kadi ndogo zenye jina lake la kosplei, na mpigapicha anayemaliza kupiga hupewa moja. Kwetu kadi ni chache, kwa hiyo mwenzetu mmoja anayepiga picha ana mbinu rahisi: akimaliza pozi anampa mvaaji simu aandike mwenyewe jina analotaka litumike, halafu anaipiga picha skrini hiyo kwa kamera ileile. Kwenye faili zinazofuatana, fremu ya jina inafuata fremu za pozi. Hakuna kubahatisha tahajia wiki mbili baadaye. Yule wa smokie, kwa mfano, aliandika jina lake la kosplei kisha akaongeza chini yake: "jina la nyumbani hapana tafadhali, baba yuko Facebook".

Asipotaka jina lolote, pia ni jibu. Sehemu ya mvaaji inabaki wazi na ya mhusika inajazwa kama kawaida.

Kwenye wahusika wa filamu huingia mtu wa tatu, mwigizaji. Baada ya Black Panther ya mwaka 2018 nguo za Wakanda zilijaa kwenye matamasha, na kwetu Kenya mwanamke aliyevaa kijani cha Nakia, mhusika aliyeigizwa na Lupita Nyong'o, anaandikwa "Lupita" bila mtu kushtuka. Kwenye picha hiyo Lupita Nyong'o hayupo. Nakia yupo kwa njia ya vazi, na mvaaji yupo kwa mwili. Jina la mwigizaji lisiwekwe kama alama ya kutafutia, maana anayetafuta picha za Lupita ataletewa mtu mwingine, na huyo mtu mwingine ataanza kupimwa kwa uzuri wa Lupita na watu ambao hakuwaomba. Kama mvaaji amemfuata mwigizaji fulani hasa, kwa mfano amenakili mtindo wa nywele wa kwenye filamu badala ya ule wa kwenye kitabu cha vibonzo, andika "vazi la Nakia, kwa mtindo wa filamu ya 2018". Inatosha.

Kuna pia maneno yanayotoka mdomoni. Wavaaji wazuri huingia ndani ya mhusika. Unamwuliza aliyevaa Itachi anaonaje tamasha, anakutazama kwa macho ya kuchoka na kujibu kwa sauti ya chini jibu ambalo Itachi angelitoa. Ukiliweka kwenye nukuu kama maoni yake, umemsingizia. Namna ya kujua ametoka ndani ya mhusika haiko kwenye maneno, iko mwilini: mabega yanashuka, anacheka, anainua barakoa kunywa maji, anauliza saa ngapi. Ukihitaji maoni ya mvaaji mwenyewe, mwambie wazi, "Sasa nakuuliza wewe, si Itachi." Wengi hubadilika papo hapo, sauti inapanda, na wanakuambia kiatu kinawabana.

Na kugusa. Mhusika anaweza kuwa mtu wa kukumbatiwa na kila mtu kwenye hadithi, au mpenzi wa mhusika mwingine uliyemvaa wewe. Mvaaji hajakubali lolote kati ya hayo. Matamasha makubwa yalilazimika kuliandika ukutani: New York Comic Con mwaka 2014 iliweka mabango yenye maneno "Cosplay is not consent", yaani kosplei si ridhaa, kwenye milango na kumbi zake. Kwenye kazi yangu hili huonekana baadaye, kwenye picha: mkono wa mtu kiunoni mwa mvaaji, na mvaaji ametabasamu kwa midomo tu huku bega limerudi nyuma. Picha kama hiyo siiingizi kwenye hifadhi, hata vazi liwe zuri namna gani.

Nimalizie na jinsi majina yanavyokaa ndani ya faili, kwa sababu hapo ndipo mgawanyo wote huu unapopona au unapokufa. Faili ya JPEG hubeba sehemu za maandishi ndani yake. Iko moja iliyotengwa kwa ajili ya mtu anayeonekana, ambayo programu huionyesha kama `Person Shown in the Image`. Humo aingie mvaaji peke yake. Programu haitakuzuia ukiandika Itachi, lakini ukifanya hivyo umesema Itachi ni mtu aliyesimama mbele ya kamera. Mhusika anaingia kwenye maelezo na kwenye alama za kutafutia, tena si jina tupu bali na neno kosplei pembeni, ili anayetafuta michoro ya Itachi asiletewe binadamu. Mimi hutumia programu ya exiftool, hivi:

```
exiftool \
 -XMP-dc:Description="Mvaaji kosplei katika vazi la Itachi Uchiha" \
 -XMP-dc:Subject+="kosplei ya Itachi Uchiha" \
 -XMP-iptcExt:PersonInImage="jina alilolikubali" \
 0412.jpg
```

Jina la faili ni namba tu. Watu huita faili `itachi_` ikifuatwa na jina la mtu, halafu jina hilo linabaki kwenye anwani ya ukurasa hata maelezo yakisharekebishwa.

Faida ya kutenganisha huonekana siku mvaaji anapoandika kuomba jina lake liondolewe. Ameajiriwa, ameolewa, au amechoka tu, sababu si yangu. Kama mhusika na mvaaji wamechanganywa kwenye sentensi moja, itabidi nisome maelezo yote na kuyaandika upya, na kila mara kuna pahali jina husalia. Wakiwa wametenganishwa, natoa sehemu moja na picha inabaki na kila kitu kingine:

```
exiftool -XMP-iptcExt:PersonInImage= 0412.jpg
```

Ila exiftool kabla ya kugusa faili huhifadhi nakala ya ilivyokuwa, kando yake, kwa jina la `0412.jpg_original`, isipokuwa kama nakala ya jina hilo ipo tayari, na jina la mvaaji laweza kuwa limo humo. Anayetoa jina kisha akapakia folda nzima mtandaoni, huenda amelipakia tena. Nakala hiyo ifutwe pia, kisha fungua faili iliyobaki uisome kwa macho yako:

```
exiftool -XMP:all 0412.jpg
```

Kama picha ilishatumwa kwa watu, amri hizi haziifikii. WhatsApp huondoa maandishi haya inapotuma picha kwa njia ya kawaida, lakini ukiituma kama hati yanakwenda nayo yote, kwa hiyo waulize wapigapicha wenzako waliituma kwa njia gani kabla ya kumwambia mvaaji kwamba jina lake limetoka.